Sura ya 6: Mizani, Chaki na Goti Jipya

Tarehe 4 Desemba 2016, Yannick Bolasie, winga wa Everton na wa timu ya taifa ya Kongo, aliumia goti katika mechi dhidi ya Manchester United kwenye uwanja wa Goodison Park. Ligamenti ya msalaba ya mbele ilikuwa imekatika. Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Gabon mwezi uliofuata likampita, msimu mzima ukampita, na nusu ya msimu mwingine pia. Alirudi kucheza mechi ya ligi tarehe 26 Desemba 2017, dhidi ya West Bromwich Albion. Huyu alikuwa mchezaji mwenye madaktari wa klabu, mashine za kila aina na muda wote wa kujitunza, na bado alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja.

Habari kama hiyo ikifika Goma, kwa vijana wanaocheza kwenye viwanja vya vumbi jeusi la Nyiragongo, swali la kwanza huwa ni la miezi. Mwingine amesikia sita, mwingine tisa, mwingine mwaka. Mgonjwa akishapewa idadi, anaanza kuihesabu kwenye kalenda, na siku ikifika anamwambia mtaalamu wake: "Docta, goti imepona, niachie nicheze." Mara nyingi anasema kweli kuhusu maumivu, kwa sababu hayapo tena. Tatizo ni kwamba maumivu huondoka mapema sana kuliko hatari.

Sababu iko ndani ya goti lenyewe. Ligamenti hii ni uzi mnene unaotoka kwenye fupa la paja hadi kwenye muundi, na kazi yake kubwa ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na usizunguke ovyo mchezaji anapokata kona. Ikikatika katikati, mara nyingi haiungi tena vizuri. Daktari wa upasuaji huchukua kano kutoka mahali pengine, aghalabu nyuma ya paja la mgonjwa huyohuyo au chini ya pia ya goti, hutoboa njia kwenye mifupa yote miwili, hupitisha kano hiyo na kuibana. Siku ya upasuaji kipandikizi kina nguvu. Baadaye, kwa kuwa kimekatwa kutoka kwenye damu yake, sehemu ya chembe zake hufa, mishipa mipya ya damu huingia, na mwili huanza kukijenga upya. Katika kipindi hicho cha kujengwa hudhoofika. Ni kama mche wa mgomba uliohamishwa: majani yanaweza kusimama wima wakati mizizi haijashika udongo.

Udhaifu huo huwa mkubwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, yaani wakati uleule mgonjwa ameacha magongo, anatembea bila kuchechemea na anaanza kupanda pikipiki kwenda mjini. Kano ya nyuma ya paja pia huhitaji wiki 8 hadi 12 kushikana na mfupa ndani ya njia iliyotobolewa. Kipandikizi chenye vipande vya mfupa kwenye ncha zake hushika mapema zaidi, karibu wiki ya 6 hadi ya 8. Kazi ya kukijenga upya huendelea kwa miezi mingi baadaye, na hakuna mazoezi yanayoweza kuiharakisha.

Kazi ya kwanza baada ya upasuaji si kukunja goti, ingawa wagonjwa wengi huanzia hapo. Kazi ya kwanza ni kulinyoosha. Goti lililopasuliwa hupenda kulala likiwa limekunjwa kidogo, na jamaa wenye huruma huweka mto chini yake ili mgonjwa apumzike. Mto huo ndio adui. Unatakiwa kuwekwa chini ya kisigino, au taulo au kitenge kilichokunjwa, ili goti lining'inie hewani na uzito wake wenyewe ulivute chini kwa dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku. Wakati huohuo mgonjwa hukaza msuli wa mbele wa paja, akijaribu kubana goti chini, na kuitazama pia ya goti ikipanda juu. Isipopanda, msuli umelala. Maji yaliyojaa gotini huuzima msuli huo kupitia neva, hata kama mgonjwa ana nia ya chuma. Hapo ndipo barafu, kuinua mguu na kupunguza matembezi vinapokuwa na maana.

Ndani ya wiki 2 goti linatakiwa kunyooka sawasawa na lile zima. Kuna kipimo kisichohitaji chombo: mgonjwa hulala kifudifudi, mapaja yakiwa kitandani na miguu ikining'inia nje kuanzia gotini, na mtu hutazama kama visigino viko kimo kimoja. Tofauti ya sentimita 1 ni karibu na upungufu wa nyuzi 1. Goti likibaki na upungufu wa nyuzi 5 au zaidi baada ya mwezi, na likigota kwa mbele kana kwamba kuna kitu kimebanwa, huenda kinundu cha kovu kimejikusanya mbele ya kipandikizi. Kinundu hicho hakiyeyuki kwa kulazimisha. Mara nyingi daktari huingia tena kwa kamera na kukiondoa, na kadiri anavyochelewa ndivyo msuli wa paja unavyozidi kukonda.

Kukunja hufuata ngazi zake: karibu nyuzi 90 kufikia wiki ya 2, takriban 120 kufikia wiki ya 6, na kukunja kukamilike karibu mwezi wa 3. Mgonjwa huvuta kisigino kuelekea makalio akiwa ameketi kitandani, soksi ikiteleza juu ya ubao au plastiki. Ngazi hizi hubadilika ikiwa daktari alishona pia meniski, ule mto wa gegedu ulio kati ya mifupa. Hapo madaktari wengi huzuia kukunja kupita nyuzi 90 kwa wiki 4 hadi 6, na mara nyingine huzuia kukanyaga kwa uzito wote. Mgonjwa anayefuata ratiba ya rafiki yake ambaye hakushonwa meniski anaweza kufumua nyuzi bila kujua. Kwa hiyo karatasi ya upasuaji isiachwe hospitalini. Inatakiwa kufika mikononi mwa atakayesimamia mazoezi.

Hilo lina uzito zaidi Goma, kwa sababu anayepasua na anayefanyisha mazoezi wanaweza kuwa katika miji miwili tofauti, hata nchi mbili. Mji huu una uzoefu wa miguu kuliko miji mingi. Hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, imetibu mifupa kwa miaka mingi. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, timu za upasuaji za Msalaba Mwekundu zimepokea majeruhi wa risasi na mabomu. Kituo cha Shirika la Umoja kimewafundisha waliokatwa viungo kutembea tena. Mtaalamu aliyemsimamisha mtu kwenye mguu wa bandia anajua kuuamsha msuli wa paja uliolala. Kinachokuwa kigumu ni mwendo wa kati ya mahali na mahali. Uwanja wa ndege ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, safari zilibaki za barabara na za ziwa, na saa nyingi za kukaa na goti bichi lililokunjwa ndani ya gari huleta uvimbe, na zaweza kugandisha damu kwenye shavu la mguu. Shavu likivimba, likawa na joto na kuuma likibonyezwa, au kifua kikabana, huyo ni mgonjwa wa dharura. Vivyo hivyo homa ikiambatana na goti jekundu linalozidi kuuma.

Nyumbani nako kuna mambo ambayo vitabu vya Ulaya haviyataji. Choo cha kuchuchumaa kinadai goti likunjike karibu lote, tena chini ya uzito wa mwili mzima. Katika wiki za mwanzo hilo haliwezekani wala halifai. Seremala wa mtaani anaweza kukata tundu kwenye kiti imara cha mbao kikawekwa juu ya choo, na kifanyike kabla ya upasuaji, si siku ya kutoka hospitali. Pikipiki ni hatari ya aina nyingine: dereva akiyumba kwenye mawe ya volkano, abiria hutupa mguu chini kujikinga bila kufikiri, na mguu huo ukiwa ule uliopasuliwa, kipandikizi hupokea msokoto wote.

Kati ya mwezi wa 2 na wa 5 kazi ni ya kuchosha na haina mengi ya kusimulia: kuketi na kuinuka, kupanda ngazi, kusukuma uzito kwa miguu miwili kisha kwa mmoja, baiskeli ya kusimama goti likishakunja zaidi ya nyuzi 100. Vidonda vikishafunga kabisa, kutembea ndani ya Ziwa Kivu maji yakiwa kiunoni ni zoezi zuri, ila kuogelea kwa kupiga miguu kama chura kusubiri, kwa kuwa huzungusha goti. Kukimbia polepole mbele, bila kona, huanza karibu wiki ya 12 hadi ya 16, iwapo tu goti halina maji.

Maji hayo hupimwa kwa mkono. Mgonjwa amelala, goti limenyooka. Mtaalamu husugua upande wa ndani wa goti kwenda juu mara mbili tatu, akiusafisha ule mfereji ulio kando ya pia ya goti, kisha hupangusa upande wa nje kwenda chini huku akitazama upande wa ndani. Kama mfereji unajaa tena na kuvimba kidogo, maji yapo. Zoezi lolote jipya huhukumiwa asubuhi inayofuata kwa kipimo hiki. Maji yakiongezeka, zoezi la jana lilizidi, hata kama halikuuma.

Halafu hufika swali la nguvu, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Vituo vikubwa hutumia mashine ya kupima msuli wa paja ukisukuma kwa kasi iliyodhibitiwa, lakini bei yake ni maelfu mengi ya dola. Kipo chombo cha bei nafuu kinachotoa jibu la kutumainika: mizani ya kuning'iniza ya kidijitali, ile inayopimia magunia na nyama, yenye uwezo wa kilo 150 au zaidi. Mgonjwa huketi kwenye meza nzito, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Mkanda hufungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, mnyororo hutoka kwenye mkanda hadi kwenye mizani, na mizani hufungwa kwenye mguu wa meza nyuma yake. Mgonjwa husukuma mguu mbele kwa nguvu zote kwa sekunde 5, mara 3, na kilo kubwa kuliko zote huandikwa. Kwa nyuzi 90 msuli wa paja hauvuti muundi mbele, kwa hiyo kipandikizi hakibebeshwi mzigo. Mzigo huo huja goti linapokaribia kunyooka.

Tuchukue mfano wa kiungo wa miaka 22 mwenye kilo 70, aliyewekewa kano ya nyuma ya paja kwenye goti la kushoto. Huu ni mfano uliotungwa ili hesabu ionekane. Mwezi wa 6 mguu wa kulia unavuta kilo 58, wa kushoto kilo 44. Gawanya 44 kwa 58: asilimia 76. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi kabla ya kurudi kwenye michezo ya kona na migongano ni asilimia 90. Hajafika, na hilo ni wazi.

Lakini kuna daftari. Kabla ya upasuaji, mguu wake mzima ulivuta kilo 64. Katika miezi 6 ya kukaa nje ya uwanja nao umenyong'onyea, ukashuka hadi 58. Ukilinganisha kilo 44 na zile 64 za mwanzo, amefika asilimia 69 tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Elizabeth Wellsandt na wenzake ulionyesha ukubwa wa kosa hili: kati ya wagonjwa 70, zaidi ya nusu walifaulu vipimo walipolinganishwa na mguu wao mwingine wa siku hiyohiyo, lakini chini ya theluthi walifaulu walipolinganishwa na mguu huo ulivyokuwa kabla ya upasuaji. Mguu mzima uliodhoofika ni rula iliyopinda, na hauwezi kuaminiwa peke yake.

Ipo njia ya kukwepa ulinganisho kabisa. Wataalamu wengi hutaka msuli wa paja wa mwanamume mchezaji utoe nyutonimita 3 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kijana huyu ni nyutonimita 210. Mkanda wake uko sentimita 35 kutoka gotini, kwa hiyo mizani inapaswa kusoma kama kilo 61. Ndiyo maana umbali wa mkanda kutoka gotini lazima upimwe, uandikwe, na urudiwe uleule kila mara. Mkanda ukisogea sentimita 3 kuelekea gotini, mizani itaonyesha kilo zaidi ingawa msuli haujaongezeka chochote.

Kuruka huanza kwa kutua. Karibu mwezi wa 4 mgonjwa hushuka kutoka kwenye ubao wa sentimita 15 au 20 kwa miguu yote miwili, na mtaalamu husimama mbele yake kutazama mambo mawili: kama goti linaanguka ndani kuelekea goti jingine, na kama anakwepa kwa kuegemea mguu mzima. Simu ikirekodi polepole, kasoro huonekana hata kwa mgonjwa mwenyewe. Kutua kwa mguu mmoja hufuata wiki kadhaa baadaye, na kukata kona baada ya hapo. Sehemu ya kufanyia iwe nyasi au udongo uliosawazishwa na kuokotwa mawe. Ardhi ya Goma ina ncha kali za mawe ya volkano hata pale inapoonekana tambarare.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba, kisha kupima umbali kwa futi. Kijana wetu, mwezi uleule wa 6, anaruka sentimita 158 kwa mguu wa kulia na 149 kwa wa kushoto. Asilimia 94! Amefaulu, na mguu wake una asilimia 76 tu ya nguvu. Kocha aliyeshika futi peke yake angemrudisha kikosini wiki hiyo.

Maelezo yametoka kwenye maabara, hasa kazi ya Roula Kotsifaki na wenzake katika hospitali ya Aspetar, Doha. Walipopima kila kiungo kinachangia nini, waligundua kwamba katika kujirusha mbele goti hufanya karibu sehemu moja ya nane tu ya kazi. Nyonga na kifundo cha mguu hubeba iliyobaki. Mwili wenye goti dhaifu hujifunza kujirusha bila kulitegemea, na umbali hautasema. Katika kuruka juu kwa mguu mmoja, mchango wa goti hufika karibu theluthi. Basi mpe kijana chaki. Asimame kando ya ukuta, aweke alama kwa kidole akiwa amenyoosha mkono, kisha aruke juu kwa mguu mmoja na kuweka alama nyingine. Kulia: sentimita 19. Kushoto: 13. Asilimia 68, jibu linalokaribiana na la mizani na kuikana futi.

Mwezi wa 9 anarudia. Mizani inasoma 57 kushoto na 62 kulia, asilimia 92. Kwa rula ya siku hiyo amevuka. Kwa rula ya daftari, 57 kati ya 64, ana asilimia 89, na bado yuko chini ya kilo 61 zinazotakiwa kwa uzito wake. Wiki chache zaidi za mazoezi mazito ya paja, si za kupumzika, na mwezi wa 10 anavuta 61, anaruka juu sentimita 18 dhidi ya 20, na goti halina maji asubuhi inayofuata. Sasa anaingia mazoezi ya timu, kwanza bila kugongana, kisha kwa kugongana, na mechi huja baada ya hapo kwa dakika chache kwanza.

Je, kusubiri kote huku kuna thamani hiyo? Hege Grindem na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 106 kwa miaka 2 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kwa kila mwezi ambao kurudi kuliahirishwa, hadi mwezi wa 9, kasi ya kuumia goti tena ilipungua kwa karibu nusu. Kati ya waliorudi kwenye michezo bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia goti tena. Kati ya waliofaulu, asilimia 5.6. Miezi na vipimo vinatakiwa vyote viwili. Anayefaulu vipimo mwezi wa 6 bado ana kipandikizi kichanga, na anayefika mwezi wa 12 bila kufanya mazoezi bado ana paja dhaifu.

Kwa hiyo klabu yoyote ya Goma inayompeleka mchezaji kupasuliwa, iwe anavuka mpaka au anabaki mjini, impime kwanza mguu wake mzima: mizani, mkanda uliopimwa umbali, chaki ukutani, na namba zote ziandikwe kwenye daftari lenye tarehe. Kipimo hicho huchukua chini ya nusu saa, na baada ya upasuaji hakiwezi kupatikana tena.